Dawa ya Cheti Kwenye Orodha ya Simu

Kijitabu hiki ni cha wenye famasi wanaoweka orodha ya dawa mtandaoni, na cha mteja wa Chonyonyo anayeifungua kwenye simu kabla hajapanda bodaboda kwenda Kayanga.

Tuanze na amoksilini. Ni antibiotiki, dawa ya cheti. Onyo la "kwa cheti tu" likikaa chini kabisa, baada ya bei na maelezo, halimfikii mtu. Watu hurushiana picha WhatsApp, na kinachomfikia jirani ni boksi na bei. Liandikwe juu ya picha yenyewe, kando ya jina na nguvu ya dawa, miligramu 250 au 500. Kitufe cha kununua kiondolewe, kiwekwe cha "Tuma cheti". Mfamasia asome jina na umri wa mgonjwa, tarehe, dozi, idadi ya siku na sahihi ya aliyeandika. Akishatoa dawa aweke kumbukumbu, maana cheti hichohicho kinaweza kurudi mwezi ujao kwa ugonjwa mwingine.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yetu, iko kwenye sehemu ya kutafuta. Mama ana mtoto wa miaka miwili anayekohoa. Anaandika "kikohozi", na orodha inamletea amoksilini. Hapo duka limeshaagiza tiba bila kumwona mtoto. Vikohozi vingi vya mafua huletwa na virusi, na amoksilini haiui virusi. Antibiotiki imtokee tu aliyeandika jina la dawa yenyewe.

Anayeandika "kikohozi" aletewe maelekezo haya: mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua haraka kupita kiasi. Apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunywa au kunyonya, au akipata degedege, apelekwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 asipewe dawa yoyote ya kikohozi. Aonwe na mtaalamu.

Dawa zisizo za cheti nazo zina maneno yake ya hatari. "Parasetamoli humaliza maumivu yote, haina madhara" ni uongo unaoweza kuua, kwa sababu ikizidishwa huharibu ini. Andika hivi: "Hupunguza homa na maumivu. Mtu mzima: vidonge 1 au 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 4 hadi 6, visizidi 8 kwa saa 24. Angalia kwanza kama dawa yako ya mafua tayari ina parasetamoli."

Kwa Kagera, ambako malaria ipo, ongeza sentensi moja: "Parasetamoli hushusha homa lakini haitibu malaria, hivyo ukiwa na homa, kapime hata kama imeshuka."