Safisha maandishi ya skani kabla hujatafsiri

Tuchukue mkataba wa mauziano ya kiwanja: kurasa 4 za Kiswahili zilizochapwa kwa kompyuta, zikatolewa fotokopi, kisha zikaskaniwa. Mteja anataka tafsiri ya Kiingereza. Unaupitisha mkataba kwenye programu ya kusoma picha, na mahali pamoja unapata hivi:

```
Mbele ya mashahidi mmeuza kiwanja hicho na
haki zote kwa shilingi 3,5OO,OOO/= ambazo
mnunuzi arnelipa nu-
Ukurasa 2 kati ya 4
su, na salio atalipa mwezi ujao kwa bati hii.
```

Hapa kuna makosa ya aina mbili. Mengine yanajitangaza, na haya huondoka kwa dakika chache ukifuata mpangilio mzuri. Mengine yamevaa sura ya Kiswahili safi, na hayo ndiyo yatakayoingia kwenye tafsiri yako usipoyawinda.

Kabla ya kusafisha, hakikisha programu iliambiwa kwamba inasoma Kiswahili. Ikiachwa kwenye Kiingereza, huelekea kuyavuta maneno yetu yafanane na ya Kiingereza, nawe utabaki kurekebisha uharibifu ambao haukuwa na sababu ya kutokea. Kwa watumiaji wa Tesseract amri ni hii:

```
tesseract uk1.tif uk1 -l swa
```

Picha yenyewe iwe na nukta 300 kwa inchi. Ikiwa chini sana ya hapo na karatasi bado ipo, omba iskaniwe upya. Na kama karibu kila mstari una kosa hata baada ya hayo, usihangaike kusafisha: chapa ukurasa huo upya kwa mkono, utamaliza mapema zaidi.

Hifadhi nakala ya maandishi ghafi pembeni, kisha anza na mistari. Programu za kutafsiria kama OmegaT huuchukulia mwisho wa aya kuwa mwisho wa sentensi. Kwa hiyo kila mstari wa mkataba wetu utageuka kipande kinachojitegemea, na sentensi moja itakufikia katika vipande 4 visivyotafsirika. Inabidi mistari iunganishwe, lakini si kabla ya kuondoa vichwa vya kurasa na namba zake. Ukiunganisha kwanza, “Ukurasa 2 kati ya 4” itamezwa katikati ya neno “nusu”, na kuipata baadaye ni kazi.

Vikishaondoka, fungua `Replace` ndani ya Word. Mahali penye aya halisi huwa kuna mstari mtupu, yaani alama mbili za aya. Zilinde kwanza kwa kuweka alama isiyotumika popote kwenye waraka. Kisha fuata mpangilio huu, upande wa kushoto ukiwa unachotafuta na wa kulia unachoweka:

```
^p^p   →  @@@
-^p    →  (acha patupu)
^p     →  (nafasi moja)
@@@    →  ^p
```

Hatua ya pili usiibadilishe yote kwa mkupuo. Kistari cha mwisho wa mstari huenda kimekata neno, kama katika “nu-su”, lakini huenda pia ni sehemu ya namba ya kiwanja au ya miaka kama 1998-2003. Pita kimoja kimoja. Katika kurasa 4 havitakuwa vingi. Na kama `^p` haipati kitu, jaribu `^l`, kwa kuwa baadhi ya programu huvunja mistari kwa alama hiyo.

Sasa njoo kwenye herufi, na hapa Kiswahili chenyewe kinakusaidia kuliko kamusi yoyote ya kompyuta. Maneno yetu kwa kawaida huishia na irabu. Neno lolote linaloishia na konsonanti ni jina la mtu au la mahali, ni kifupisho, ni neno la kigeni, au ni kosa. Herufi “c” nayo haikai bila “h”, na “rn” haionekani ila kwenye majina kama Bernard na maneno machache kama “karne”. Ukiikuta kwingine, karibu kila mara ni “m” iliyosomwa vibaya. Weka tiki kwenye `Use wildcards`, kisha tafuta kimoja baada ya kingine:

```
[bcdfghjklmnpqrstvwxyz]>
c[!h]
rn
[0-9][OolISB]
[OolISB][0-9]
```

Mstari wa kwanza utakamata pia maneno yaliyopasuliwa, kama “m nunuzi”, kwa sababu ile “m” iliyobaki peke yake inahesabiwa kuwa neno. Miwili ya mwisho inakamata herufi zilizojichomeka ndani ya tarakimu, kama zile O za bei ya kiwanja. Lakini hakuna utafutaji utakaokuambia kwamba 3 ilikuwa 8. Kila kiasi, kila tarehe na kila namba ya kiwanja lazima uilinganishe na picha kwa macho. Mikataba mingi huandika bei kwa tarakimu na kwa maneno pia, basi soma vyote viwili. Vikipingana hata kwenye picha, hilo ni kosa la waandishi wa mkataba: liache lilivyo, kisha mwarifu mteja.

Baada ya hapo inabaki ile aina ya pili. Tazama tena “kwa bati hii”. Kikagua tahajia hakitalalamika, maana bati ni neno halali. Aliyezaliwa na lugha atashtuka, kwa kuwa tunasema “bati hili”. “Hii” inadai hati. Herufi “h” na “b” hukaribiana sana fotokopi ikififia, na jozi kama haki na baki, au hana na bana, hupishana hivyohivyo. Kwa hiyo soma waraka mzima mara moja ukifuata upatanisho wa kisarufi, na panapokwama tazama picha.

Penye hatari zaidi ni “mmeuza”, kwa sababu hapo sarufi haikusaidii. Kwenye karatasi imeandikwa “nimeuza”. Herufi “n” na “i” zikigusana, na nukta ya “i” ikapotea kwenye fotokopi, programu huona “m”. Tayari muuzaji mmoja amegeuka kundi la watu wanaoambiwa kwamba wao ndio waliouza. Mambo huenda kinyume pia: “alimpa” husomwa “alinipa”, na fedha zinabadilisha mpokeaji. Tafuta kila `mme`, `nime`, `mta` na `nita`, pamoja na vitenzi vyote vya kutoa, kupokea, kuuza na kulipa, ukiviangalia kimoja kimoja kwenye picha. Katika mkataba wa kurasa 4 kazi hii haichoshi. Katika kitabu, anza na sehemu ambazo anayetenda au anayetendewa ndiye kiini cha habari.

Usisahau ritifaa. “Ng'ombe” hutoka mara kama “ngombe”, mara ikiwa na alama iliyopinda upande huu au ule. Chagua umbo moja ulitumie kote, la sivyo kumbukumbu ya tafsiri itaona maneno tofauti. Mihuri na sahihi, ambazo programu huzigeuza takataka za herufi, zifute na uandike [muhuri] au [sahihi] mahali pake. Mwandiko wa mkono wa pembeni uchape mwenyewe.

Kama unalipwa kwa neno, hesabu maneno ya kupangia bei baada ya usafi huu. Maneno yaliyopasuliwa na vichwa vya kurasa vinavyojirudia huipandisha hesabu ya faili ghafi, na mteja akija kuhesabu mwenyewe mtabishana. Muda wa kusafisha uandike kwenye ankara kama kazi inayojitegemea.