Kidonge cha Usingizi na Ngazi za Usiku

Nyumba nyingi za mawe katika mji wa kale wa Lamu ni za ghorofa, na ngazi zake ni nyembamba na za mwinuko mkali. Mzee aliyezaliwa humo huzipanda na kuzishuka gizani kwa mazoea. Usiku aliomeza kidonge cha usingizi, mazoea hayo hayamtoshi. Anaamka saa nane kwenda chooni, kichwa kizito, miguu haimtii, naye hajui kwamba dawa bado inafanya kazi mwilini. Wengi huvunjika nyonga namna hiyo. Na akivunjika Faza au Kizingitini, safari ya kwenda hospitali kubwa huanza kwa kubebwa hadi kwenye mashua.

Vidonge vinavyozungumziwa hapa ni vya jamii mbili. Ya kwanza ni benzodiazepini, na inayojulikana zaidi ni diazepamu, ambayo wengi huiita Valiamu. Ya pili ni zolpidemu, dawa mpya zaidi.

Diazepamu haitoki upesi mwilini mwa mzee. Ini lake husafisha dawa polepole, na mafuta ya mwili huihifadhi. Kwa mtu wa miaka sabini na kitu, huenda zikapita siku tatu kabla ya nusu ya kidonge kimoja kuondoka. Anayemeza kila usiku huongeza kidonge kipya juu ya mabaki ya juzi na jana. Zolpidemu hutoka haraka zaidi, lakini nguvu yake huwa kali katika saa za kwanza, na baadhi ya watu wameinuka, wakatembea au wakapika bila kujitambua.

Faida ya dawa hizi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Watafiti waliojumlisha tafiti nyingi za watu wa miaka 60 na zaidi, katika jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2005, waliona kwamba dawa hizi ziliongeza usingizi kwa takriban dakika 25 tu. Katika kila wazee 13 waliozitumia, mmoja ndiye aliyelala vizuri zaidi kwa sababu ya dawa. Katika kila 6, mmoja alipata madhara.

Dawa hizi pia huvuruga akili. Usahaulifu wa uzee huja kwa miezi na miaka. Lakini mzee aliyekuwa sawa wiki iliyopita, na leo hajui kama ni asubuhi au jioni, amepatwa na jambo la ghafla. Apelekwe hospitali, na vidonge vyake vyote vibebwe pamoja naye.

Kuacha bila kuumia

Anayetumia kila siku asiache ghafla: anaweza kutetemeka, kukosa usingizi kabisa, hata kushikwa na kifafa. Chukulia bibi wa miaka 72 wa mtaa wa Langoni, anayemeza diazepamu ya miligramu 5 kila usiku tangu alipofiwa na mumewe. Daktari anaweza kumpa vidonge vya miligramu 2 na kumpangia hivi: wiki mbili miligramu 4, wiki mbili 3, wiki mbili 2, wiki mbili 1, kisha basi. Akitaabika, hubaki alipofika kwa wiki mbili zaidi, bila kurudi juu. Nchini Kanada, wazee walipewa kijitabu chenye maelezo na ratiba ya kupunguza. Matokeo yalitolewa mwaka 2014. Baada ya miezi sita, 27 katika kila 100 walikuwa wameacha kabisa, dhidi ya 5 tu katika kila 100 ya wale ambao hawakupewa.

Wakati huohuo usingizi wenyewe hutibiwa. Bibi huyu hupanda kitandani saa mbili na nusu, baada ya Isha, na kuamka alfajiri saa kumi na moja. Ni saa nane na nusu kitandani, lakini hulala tano na nusu tu. Zilizobaki ni kugeukageuka. Sasa atapanda saa tano na kuamka saa ileile ya Alfajiri. Akilala karibu muda wote kwa wiki nzima, ataongeza dakika 15. Usingizi ukikataa, aketi sebuleni kwenye mwanga hafifu hadi macho yawe mazito. Wiki za kwanza atasinzia mchana, hivyo awe na mtu karibu anapopanda ngazi. Usingizi wa baada ya Adhuhuri usizidi nusu saa, na kahawa ya barazani iishie kabla ya Alasiri.

Wenye kifafa au wanaokoroma na kukatika pumzi wamwone daktari kabla ya kubadilisha lolote.

Kama nyumbani kwenu yupo mzee anayemeza vidonge hivi, chukueni pakiti yake wiki hii mkamwone daktari au mfamasia, na mwombe ratiba ya kupunguza kwa maandishi.