Dondoo muhimu: Kidole mdomoni, meno yasiyokutana

Mwambie mtoto aume kwa magego, kisha mfunue midomo. Mwanya ukibaki kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini, huenda kidole gumba au chuchu bandia imeyazuia kukutana. Akiacha kunyonya kabla meno ya ukubwani hayajaota, karibu miaka 6, mara nyingi mwanya hujifunga wenyewe.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni pembeni. Magego ya juu yakiangukia ndani ya yale ya chini, taya la juu limebanwa na mashavu yanayofyonza, na hilo ni nadra kujirekebisha. Mpeleke kwa daktari wa meno.

Chuchu bandia iondoke kabla ya miaka 3, kidole kabla ya 4. Usimpake pilipili, itamwingia machoni. Mvike soksi mkononi usiku.