Kuweka Marumaru Juu ya Sakafu ya Saruji: Mambo ya Kukagua Kabla ya Malipo ya Mwisho

Marumaru iliyobandikwa vibaya haijulikani siku ya kwanza. Hung'aa sawa na nyingine hadi mguu wa kabati unapoikalia pembeni ikavunjika, au hadi safu nzima inapoinuka katikati ya chumba. Mara nyingi chanzo ni uwazi uliobaki chini yake. Katika Dodoma na nyanda za kati, uwazi huo huchangiwa sana na ukavu. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni ya nadra, hewa ni kavu na upepo ni mkali, hivyo saruji na gundi hupoteza maji kabla hazijashika.

Tuchukue mfano wa sebule ya mita 4 kwa mita 3.6, itakayowekwa marumaru za sentimita 60 kwa 60. Eneo lake ni mita za mraba 14.4, yaani marumaru 40. Ongeza 4 kwa ajili ya zitakazokatwa na kuvunjika.

Sakafu ya saruji na mchanga inapaswa kufunikwa kwa nailoni na kuwekwa unyevu kwa siku 7, kisha kuachwa takriban wiki 3 ikauke. Ikwaruze kwa msumari. Ikitoa unga mwingi, au ikilia kama debe tupu inapogongwa, sehemu hiyo ibomolewe na kurudiwa, kwa maana gundi hushika kile tu ilichopakwa juu yake. Ufa unaoendelea kupanuka, jambo linalotokea penye udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba mvua inaponyesha, hautibiwi kwa marumaru.

Kisha kagua usawa. Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Pima maji huonyesha kama sakafu imelala au imeinama. Rula ndefu huonyesha kama ina mabonde na vilima. Sebule yetu ikiinama milimita 6 kwa ulingano kutoka ukuta hadi ukuta, marumaru zitakaa vizuri na hakuna atakayetambua. Lakini laza rula ya alumini ya mita 2 upande wa dirishani: ukiona mwanga chini yake kwa milimita 8, hilo ni bonde, nalo ni tatizo. Kiasi kisichozidi milimita 3 kinakubalika. Fundi asilijaze bonde kwa kurundika gundi chini ya marumaru, kwa kuwa gundi nene hunywea inapokauka na kuivuta marumaru chini. Lijazwe siku moja kabla, kwa gundi hiyo hiyo endapo maelezo ya mfuko yanaruhusu kina hicho, na liachwe ligande.

Uchaguzi wa gundi hutegemea marumaru yenyewe. Dondosha maji mgongoni mwake. Yakinywewa upesi, ni kauri ya kawaida, na gundi yenye alama C1 inatosha ndani ya nyumba. Yakibaki juu, huenda ni poseleni. Hiyo hainywi maji, na uji wa saruji tupu hauna pa kuingia ili uishike. Dai gundi yenye alama C2. Herufi E ikifuata, gundi hukawia kukauka juu, sifa inayostahili gharama yake katika upepo wa Dodoma. Kwa kilo 5 hivi kwa mita ya mraba, sebule yetu inahitaji kilo 72, yaani mifuko 4 ya kilo 20.

Siku ya kazi, madirisha yafungwe, vumbi lifagiliwe, na sakafu inyunyiziwe maji bila kuacha madimbwi. Gundi itandazwe kwa mwiko wa meno, kwa eneo la marumaru mbili au tatu tu kwa wakati mmoja. Iguse kwa kidole: isipoacha alama kidoleni, imeshafanya utando, nayo ikwanguliwe na kutupwa. Kuirudishia maji hakuifufui. Usikubali mafungu matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati. Omba fundi ainue marumaru moja ingali mbichi. Mgongo wake uwe umeshika gundi karibu wote, pembe zikiwemo. Fundi mzuri haoni aibu kwa ombi hilo.

Nafasi ya milimita 3 kati ya marumaru ishikiliwe na misalaba ya plastiki. Kando ya kuta zote iachwe nafasi ya milimita 8 hadi 10 isiyojazwa saruji. Itafichwa na marumaru za ukutani. Bila nafasi hiyo, marumaru zikitanuka kwa joto hazina pa kwenda ila juu.

Mtu asikanyage kwa saa 24, kisha nafasi zijazwe. Kabla ya kulipa kiasi kilichobaki, pita na sarafu ukigonga kila marumaru katikati na kwenye pembe zake 4. Inayolia wazi iwekewe alama kwa chaki, na fundi aing'oe na kuirudia.