Kunguni Kitandani: Maji ya Moto Kwanza, Dawa Baadaye

Kunguni wakionekana kitandani, familia nyingi za Katito na Nyakach nzima hukimbilia dawa ya kupuliza. Asubuhi wadudu wachache wanakutwa wamekufa sakafuni, na dawa inasifiwa. Lakini waliokufa ni wale walioguswa na dawa. Wenzao wamo ndani ya maungio ya kitanda na mishono ya godoro, na mayai yaliyogandishwa kwenye mbao hayadhuriki kwa urahisi. Kwa joto letu la kando ya ziwa, mayai hayo huanguliwa ndani ya wiki moja au mbili, na mwenye nyumba hudhani kunguni wapya wametoka kwa jirani. Wakati mwingine ni kweli, kwa maana dawa inayowakera bila kuwaua huwafukuza hadi chumba cha pili.

Kuna sababu nyingine. Dawa nyingi za kupuliza nyumbani ni za jamii ya pairethroidi, jamii ileile inayotiwa kwenye vyandarua vya mbu. Mwaka 2002 watafiti walioshughulika kaskazini mashariki mwa Tanzania walieleza kwamba kunguni wa nyumba zenye vyandarua vilivyotiwa dawa walikuwa wamekuwa sugu. Hilo halimaanishi tuache vyandarua. Malaria huku kwetu inaua, kunguni haambukizi. Linamaanisha kwamba kuongeza dawa ileile juu ya mdudu aliyekwisha kuizoea ni kupoteza pesa na kuwavutisha watoto sumu bure.

Joto halina usugu wa namna hiyo. Kufua kwa maji ya nyuzi 60 huua kunguni wa kila umri pamoja na mayai. Kwa nyuzi 40 wakubwa hufa lakini mayai mengi hupona. Huna kipimajoto? Chemsha lita 10 hadi zitokote, zimimine kwenye beseni, kisha ongeza lita 5 za maji baridi. Mchanganyiko huo hukaribia nyuzi 70, hivyo shuka mbili na foronya zake zikiingia bado unabaki juu ya 60. Tumbukiza nguo zizame zote, funika, zigeuze kwa mti wala si kwa mkono, na baada ya dakika 15 fua kama kawaida. Usijaze beseni: rundo la nguo hubaki vuguvugu katikati, na hapo ndipo mayai hupona. Watoto wawe mbali kabisa na beseni hilo. Kitanda cha mbao kifungue, kitoe nje, umimine maji yanayotokota polepole kwenye kila ungio na tundu la msumari.

Mtu atauliza, makaa ni ghali, na godoro je? Makaa hayo ni ya siku mbili za kufua, wakati dawa isiyofaa hununuliwa kila mwezi. Godoro ndilo gumu kweli. Kulianika juani husaidia kidogo tu, kwa kuwa upande wa chini hubaki baridi na kunguni huhamia huko. Piga mishono yake kwa brashi ngumu juu ya maji ya sabuni, kisha lishone ndani ya mfuko mzima wa nailoni usio na tundu. Chandarua usikichemshe, maana utaharibu dawa yake: kifue kwa maji baridi na sabuni laini, ukianike kivulini.

Dawa ina nafasi yake, nayo ni nyufa za ukuta na maungio ya kitanda, kamwe si shuka, mto wala mahali mtu anapolaza kichwa. Nunua iliyo na lebo yenye herufi PCPB na nambari ya usajili, inayosema ni ya matumizi ya ndani ya nyumba. Dawa ya shambani au ya mifugo iliyomiminwa kwenye chupa ya soda haina maelezo, na mtoto mwenye kiu hawezi kuitofautisha na kinywaji. Toa watu, vyakula na maji chumbani, zima moto, na mrudi baada ya muda ulioandikwa kwenye lebo, madirisha yakiwa yamefunguliwa. Mtu akitokwa na mate na jasho jingi, mboni zikiwa ndogo na kifua kikibana, mtoeni kwenye hewa safi, msimtapishe, mkimbizeni hospitali pamoja na chupa ile.

Nguo zenye viroboto hufuliwa vivyo hivyo, lakini watoto wa viroboto wamo kwenye vumbi la sakafu na kwenye malazi ya mbwa au paka, kwa hiyo fagia kila siku na chemsha matambara wanayolalia. Paka asipakwe dawa ya mbwa: permethrini humuua.

Rudia kazi yote baada ya siku 10 hadi 14, kisha kagua mishono kwa tochi usiku. Ukiona vidudu vidogo vyeupe-njano vinavyotembea, kuna mayai yaliyoponyoka. Tafuta kwanza pale maji ya moto hayakufika.