"Shall", "must", "may" na "will": kusawazisha maneno ya wajibu katika mkataba wa pango

Mwenye duka na mwenye nyumba hukubaliana kwa Kiswahili, wamekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya fremu inayopangishwa. Kisha mkataba unakuja umeandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi umeunganishwa kutoka mikataba miwili au mitatu ya zamani. Ndiyo maana katika karatasi ileile utakuta mpangaji "shall" katika kifungu cha 3, "must" katika cha 5, na mwenye nyumba "will" katika cha 7. Anayeusoma haraka hudhani yote yanamaanisha "lazima". Siku ya ugomvi, tofauti hizo ndizo zinazosomwa kwanza.

Nitafuata mkataba mmoja tu, niliouunda kutokana na makosa ninayokutana nayo mara kwa mara. Ni pango la fremu ya duka la vitambaa, miaka mitatu, kuanzia 1 Julai 2024 hadi 30 Juni 2027. Kodi ni shilingi 900,000 kwa mwezi, inalipwa kila miezi mitatu, na mpangaji ameweka amana ya shilingi 1,800,000.

Kabla ya kugusa Kiingereza chake, ni vizuri kutaja kazi nne ambazo sentensi ya mkataba inaweza kufanya. Inaweza kumbebesha mtu wajibu, yaani jambo ambalo asipolifanya amevunja mkataba na anaweza kudaiwa fidia. Inaweza kuweka sharti, yaani jambo la kutimizwa ili mtu apate kitu fulani. Asipolitimiza hadaiwi chochote, ila anakikosa kile kitu. Inaweza kutoa hiari: mtu akitaka afanye, asipotaka aache. Na inaweza kueleza tu hali au jambo litakalotokea, bila kumwamuru mtu yeyote. Mpangilio ninaoutumia ni huu: "shall" kwa wajibu wa upande uliosaini, "must" kwa sharti, "may" kwa hiari, na "will" kwa jambo linalotarajiwa kutokea.

Huo si mpangilio pekee duniani. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 imeandika wajibu kwa "must", na kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho za Marekani zilipoandikwa upya mwaka 2007 ziliondoa "shall" kwa sababu ilikuwa imebebeshwa maana nyingi mno. Anayetaka kutumia "must" kwa wajibu wote anaweza, mradi asibadili tena katikati ya mkataba. Mimi huiacha "must" kwa sharti kwa sababu wajibu na sharti ndivyo vitu vinavyochanganywa zaidi, na kuvichanganya ndiko kunakoumiza.

Tuanze hapohapo. Kifungu cha 12 cha mkataba wetu kinahusu kuongeza muda. Kinasema mpangaji "may" kuongeza miaka mitatu mingine, na kwamba mpangaji "shall" kutoa notisi ya maandishi siku 90 kabla ya mkataba kuisha. Sehemu ya kwanza ni sawa, kwa kuwa kuongeza muda ni hiari yake. Ya pili ina tatizo. "Shall" inaifanya notisi kuwa wajibu, kwa hiyo kwa maneno yenyewe mpangaji asiyetaka kuendelea, na kwa hiyo akanyamaza, amevunja mkataba. Hakuna aliyekusudia hivyo. Upande mwingine, mpangaji aliyechelewa wiki moja anaweza kudai kwamba notisi ilikuwa wajibu wa kawaida tu, kwamba kuchelewa kwake kunamgharimu fidia ndogo, na kwamba haki yake ya kuongeza muda iko palepale. Mwenye nyumba naye hakukusudia hilo.

Kilichotakiwa ni sharti. Kifungu kilichosahihishwa, kwa Kiswahili, kinasomeka hivi: mpangaji ana hiari ya kuongeza muda kwa miaka mitatu; ili kuitumia hiari hiyo, notisi ya maandishi "must" imfikie mwenye nyumba si baada ya 1 Aprili 2027; isipofika kwa tarehe hiyo, hiari hiyo inakwisha. Tarehe nimeiandika yenyewe kwa makusudi. Siku 90 kabla ya 30 Juni ni 1 Aprili, lakini watu wawili wakikaa kuhesabu, mmoja akaihesabu siku ya mwisho na mwingine akaiacha, wanapata tarehe mbili. Nimeongeza pia matokeo ya kutotimiza. Sharti lililoandikwa pamoja na matokeo yake haliachi nafasi ya kubishana juu ya neno.

Kifungu cha 10 kina kosa dogo kwa macho na kubwa kwa mfuko. Kinasema mkataba ukiisha, mwenye nyumba "may" kurudisha amana ndani ya siku 30 baada ya kutoa gharama za uharibifu. Bila shaka mwandishi alikuwa na nia njema: alifikiria kwamba mwenye nyumba anaruhusiwa kukata gharama kwanza. Lakini neno la hiari limekaa mahali pa kurudisha, na shilingi 1,800,000 za mpangaji zimegeuka kuwa hisani. Hapa sentensi moja inafanya kazi mbili, kwa hiyo inagawanywa. Mwenye nyumba "may" kukata gharama halisi za uharibifu zenye risiti. Mwenye nyumba "shall" kurudisha kiasi kinachobaki ndani ya siku 30. Kila ukiona sentensi inakataa kusahihishwa kwa neno moja, angalia kama haijabeba hiari na wajibu kwa pamoja.

"May" ina mtego mwingine inapokanushwa. Kifungu cha 9 kinasema mwenye nyumba "may not" kuingia dukani bila taarifa ya saa 24. Kiingereza kinaruhusu kuisoma kama katazo, na pia kama "huenda asiingie". Katazo ni wajibu wa kutofanya, basi liandikwe "shall not".

Kifungu cha 7 kinahusu paa: mwenye nyumba "will" kulikarabati linapovuja. Karibu mahali pengine pote mkataba unaeleza wajibu kwa "shall". Masika yakilowesha majora ya vitambaa, wakili wa mwenye nyumba ana hoja iliyo tayari: walijua neno la wajibu na walilitumia mara nyingi, hapa wakachagua jingine, kwa hiyo walikuwa wanaeleza nia tu. Hoja hiyo inaweza kushindwa, kwa maana mahakama husoma mkataba mzima na kusudi lake, na "will" mara nyingi imechukuliwa kuwa inafunga. Lakini mpangaji atakuwa ameingia kwenye kesi kwa sababu ya neno ambalo lingesahihishwa kwa nusu dakika. Liwe "shall", na kiongezwe kipimo: ndani ya siku 7 tangu kupokea taarifa.

Kuna kundi la "shall" ambazo haziamuru mtu yeyote. Kifungu cha 1 kinasema neno "jengo" "shall mean" fremu namba fulani, na kifungu cha 15 kinasema mkataba "shall be governed" na sheria za Tanzania. Maneno hayo yanaeleza hali, basi yaandikwe kwa wakati uliopo: "means", "is governed". Kifungu cha 3 kiko katikati. Kinasema kodi "shall be paid" kila miezi mitatu. Wajibu upo, ila aliyebebeshwa ni kodi, na kodi haina mikono. Mtaje mpangaji: mpangaji "shall" kulipa shilingi 2,700,000 kabla ya siku ya tano ya kila robo mwaka.

Kipimo cha haraka ni kuweka maneno "ana wajibu wa" mahali pa "shall" na kusoma kwa sauti. Mpangaji ana wajibu wa kulipa: sawa. Jengo lina wajibu wa kumaanisha fremu: haikai. Mpangaji ana wajibu wa kutoa notisi ya kuongeza muda: inasomeka, lakini mwulize mpangaji kama ndivyo alivyokubali, naye atakataa mara moja. Kwa hiyo kipimo kinamalizika kwa swali la pili: asipofanya, anadaiwa au anakosa? Akidaiwa ni wajibu, akikosa ni sharti.

Kwa kazi yenyewe kwenye kompyuta, washa `Track Changes` kwanza ili upande wa pili uone kila ulichogusa. Bonyeza `Ctrl+F`, tafuta "shall" moja baada ya nyingine mpaka mwisho, kisha "must", "may" na "will". Mwisho tafuta maneno ya kuzunguka, yale yanayosema mpangaji "anakubali kulipa", "atatarajiwa kulipa" au "anahusika na" malipo. Hayo nayo ni wajibu uliojificha, na yaletwe kwenye neno lako moja. Usitumie `Replace All` hata kama umechoka. Mwezi wa tano kwa Kiingereza ni "May", na nimewahi kupokea mkataba ambao tarehe yake ya mwisho ilikuwa 31 Shall. "Will" nayo ni wosia, jambo ambalo mikataba ya nyumba za urithi hulitaja.

Ukitafsiri mkataba kwenda Kiswahili, jihadhari na kiambishi -ta-. "Mpangaji atalipa" inabeba "shall" na "will" zote mbili, na uliyotenganisha kwa jasho yanarudi kuwa kitu kimoja. Andika "mpangaji ana wajibu wa kulipa" kwa wajibu, "ili aongeze muda, ni sharti atoe notisi" kwa sharti, na "ana hiari ya" badala ya "anaweza", kwa sababu "anaweza" husomeka pia kama uwezo wa mfuko au wa mwili. Kama kuna nakala mbili, kifungu kimoja kiseme ipi inatawala zikitofautiana.

Wapo watakaokuambia kwamba sheria imekwisha kulimaliza suala hili. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, Sura ya 1, kinaeleza kwamba "may" ni hiari na "shall" ni lazima, lakini kinazungumzia sheria zilizoandikwa, si mkataba wa watu wawili. Hata katika sheria hizo, Mahakama ya Rufani imewahi kuona kwamba "shall" si amri isiyopinda kila mahali.

Mkataba ukiwa haujasainiwa, rudisha rasimu yenye alama za mabadiliko na umwombe mwenzako apitie vifungu vya 7, 10 na 12 kwanza, kwani hivyo ndivyo vinavyohamisha fedha au haki. Huenda akagundua kwamba kuhusu paa hamkuwahi kukubaliana. Ukiwa umesainiwa, usifute wala kuandika juu ya karatasi ya zamani. Andaeni waraka mmoja wa marekebisho unaotaja mkataba kwa tarehe yake, uandike kila kifungu kilichobadilishwa kwa ukamilifu wake mpya, useme kwamba vingine vyote vinabaki kama vilivyo, kisha pande zote mbili zisaini mbele ya mashahidi na kila mmoja abaki na nakala.