Asili ya Kiwango: Kuripoti Matukio Mapya ya Malaria kwa Miaka-Mtu, kwa Mifano ya Ushongo na Korogwe

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna ya kueleza kwa Kiswahili kiwango cha matukio mapya ya ugonjwa pale ambapo watu waliofuatiliwa hawakukaa katika utafiti kwa muda ulio sawa. Hoja yake kuu ni kwamba kiwango kisichoelezwa asili yake hakisomeki, hata kama hesabu yake ni sahihi. Mifano miwili inatumika: mmoja wa kubuni kutoka kijiji cha Ushongo, wilayani Pangani, na mmoja wa kweli kutoka majaribio ya chanjo ya malaria yaliyofanyika Korogwe na Kilifi.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kitanzania hujifunza mapema kwamba sehemu ina namba mbili: ya juu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Katika taarifa za magonjwa, kiasi ni idadi ya matukio, kwa mfano mara ambazo watu waliugua malaria. Waandishi wengi huieleza namba hiyo kwa uangalifu. Tatizo huwa katika asili. Huandikwa kwamba "kiwango cha malaria kilikuwa 0.4" bila kusemwa 0.4 ya nini, na msomaji huigeuza mwenyewe kuwa "asilimia 40 ya watu waliugua". Tafsiri hiyo inaweza kuwa mbali kabisa na kilichotokea.

Chanzo kimoja cha mkanganyiko huu ni kwamba neno "kiwango" hutumika kwa vitu viwili. Kwanza, hutumika kwa uwiano, yaani watu waliougua kugawanywa kwa watu wote waliokuwapo. Uwiano hauwezi kuzidi 1. Pili, hutumika kwa kasi ya matukio, yaani idadi ya matukio kugawanywa kwa muda ambao watu walikuwa katika hatari ya kuugua. Kasi inaweza kuzidi 1, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuugua mara tatu katika mwaka mmoja. Makala haya yanahusu maana hii ya pili. Kipimo cha asili yake kinaitwa hapa mwaka-mtu: mtu mmoja aliyefuatiliwa kwa mwaka mmoja akiwa katika hatari. Watu wawili waliofuatiliwa kwa miezi sita kila mmoja nao hutoa mwaka-mtu mmoja.

2.0 Daftari la Ushongo: mfano wa kubuni

Ushongo ni kijiji cha wavuvi katika pwani iliyo kusini ya mdomo wa mto Pangani. Kama ilivyo katika vijiji vingine vya pwani hiyo, wakazi wake hawatulii mahali pamoja mwaka mzima. Wavuvi huenda dago na kukaa huko kwa majuma au miezi. Mabinti huolewa mijini. Watoto huzaliwa katikati ya mwaka. Tuseme mtafiti amefungua daftari la watu watano na kuwafuatilia kuanzia Januari hadi Desemba.

Mtu wa kwanza ni mama aliyekuwapo miezi yote 12 na hakuugua. Wa pili ni kijana aliyekuwapo mwaka mzima na kuugua malaria mara mbili. Wa tatu ni mvuvi aliyekwenda dago kwa miezi 3. Wa nne ni mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa Julai. Wa tano ni binti aliyehamia Tanga mjini mwishoni mwa Agosti. Hawa watatu wa mwisho hawakuugua wakati walipokuwa wakifuatiliwa.

Muda wa mama ni miezi 12, wa mvuvi 9, wa mtoto 6 na wa binti 8. Muda wa kijana unahitaji maelezo. Mgonjwa aliyetoka kumeza dawa hulindwa na dawa hiyo kwa siku kadhaa, na homa ikirejea haraka ni vigumu kujua kama ni tukio jipya au ni lile la awali ambalo halikwisha. Kwa sababu hiyo, katika tafiti za malaria muda fulani baada ya kila tukio, mara nyingi siku 28, huondolewa katika hesabu. Ili kurahisisha, hapa umeondolewa mwezi mmoja kwa kila tukio, hivyo kijana anabaki na miezi 10. Jumla ni miezi 45, yaani miaka-mtu 3.75.

Kutokana na daftari hili moja, namba tatu zinaweza kuandikwa. Mtu mmoja kati ya watano aliugua, yaani asilimia 20. Matukio 2 kwa watu 5 ni 0.4. Matukio 2 kwa miaka-mtu 3.75 ni 0.53 kwa kila mwaka-mtu. Hakuna kosa la hesabu katika yoyote kati yake, lakini ni ya tatu tu inayotoa kasi ya ugonjwa. Ile ya pili inamhesabu mtoto wa miezi 6 na mvuvi aliyekuwa dago kana kwamba walikuwapo mwaka mzima, na kwa hiyo inaonyesha ugonjwa kuwa mdogo kuliko ulivyo.

3.0 Kanuni ya kuingiza na kutoa muda

Inaweza kuulizwa kwa nini miezi ya dago iondolewe ilhali huko nako kuna mbu. Jibu linatoa kanuni inayotawala asili yote: muda huingia katika asili iwapo tu tukio ambalo lingetokea ndani ya muda huo lingeingia katika kiasi. Mvuvi angeugua dago, mtafiti wa Ushongo asingepata habari. Kwa kuwa tukio lake lisingehesabiwa, muda wake pia hauhesabiwi. Iwapo mtafiti angeamua kumfuata huko, au kukubali cheti cha zahanati ya huko, basi tukio na muda vingeingia pamoja.

Kosa la kukiuka kanuni hii hutambulika kwa kulinganisha daftari la matukio na daftari la ufuatiliaji. Likionekana tukio lenye tarehe iliyo nje ya muda uliohesabiwa wa mtu huyo, kiasi na asili havilingani. Vivyo hivyo, ikiwa kila mshiriki ana miezi 12 kamili, msomaji ana haki ya kushuku kwamba watu wamehesabiwa badala ya muda.

Kwa hiyo sehemu ya mbinu katika makala ya utafiti haina budi kujibu maswali manne: muda wa mtu ulianza lini, ulikoma kwa sababu zipi, ni muda gani uliondolewa katikati, na je, mtu aliyeugua aliendelea kuhesabiwa au alitolewa baada ya tukio la kwanza? Inafaa pia miezi yenyewe itajwe. Miaka-mtu 50 iliyokusanywa wakati wa masika na baada yake si sawa na miaka-mtu 50 ya kiangazi, ingawa katika hesabu zinaonekana kuwa kitu kimoja.

4.0 Mfano wa kweli: Korogwe na Kilifi

Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto wenye umri wa miezi 5 hadi 17, katika Korogwe mkoani Tanga na Kilifi nchini Kenya. Kundi la kulinganishia lilipewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Tukio la malaria lilifafanuliwa kuwa homa pamoja na vimelea zaidi ya 2,500 katika mikrolita moja ya damu. Ufuatiliaji ulikuwa wa wastani wa miezi 7.9, lakini kwa mtoto mmoja mmoja ulianzia miezi 4.5 hadi 10.5. Tofauti hiyo yatosha kuonyesha kwa nini kuhesabu vichwa peke yake hakufai.

Katika watoto 402 waliopata RTS,S, 32 waliugua angalau mara moja, na jumla ya matukio ilikuwa 38. Katika watoto 407 wa kundi la pili, 66 waliugua angalau mara moja, na matukio yalikuwa 86. Kwa kuzidisha idadi ya watoto kwa miezi 7.9 hupatikana makadirio ya miaka-mtu 265 na 268. Hayo ni makadirio ya kufundishia tu. Mtafiti mwenye daftari hujumlisha siku za kila mtoto. Kwa makadirio hayo, kasi ni 0.14 na 0.32 kwa kila mwaka-mtu.

Namba 0.32 haina maana kwamba asilimia 32 ya watoto waliugua. Waliougua katika kundi hilo ni 66 kati ya 407, yaani asilimia 16, na hiyo ni kwa muda wa takriban miezi 8. Njia iliyo salama ni kuandika "matukio 32 kwa kila miaka-mtu 100", na kuliacha neno "asilimia" kwa uwiano peke yake.

5.0 Mipaka ya uhakika

Kasi iliyopatikana ni kadirio, na huambatana na mipaka miwili ambayo kasi ya kweli inatarajiwa kuwa kati yake. Istilahi "mipaka ya uhakika" inatumika hapa badala ya "kipindi cha uhakika", kwa kuwa neno "kipindi" katika makala yaliyojaa miezi na miaka litadhaniwa kuwa muda. Mipaka ya asilimia 95 ina maana kwamba utafiti ukirudiwa mara nyingi kwa njia ile ile, takriban mara 95 katika 100 mipaka itakayopatikana itaizunguka kasi ya kweli.

Ikiwa idadi ya matukio ni d, na matukio hayategemeani, mipaka hukadiriwa kwa kugawanya na kuzidisha kasi kwa namba F:

```
F = exp(1.96 / √d)
```

Kwa matukio 38, F ni 1.37, na mipaka ni 0.10 na 0.20. Kwa matukio 86, F ni 1.24, na mipaka ni 0.26 na 0.40. Inaonekana kwamba upana wa mipaka hutawaliwa na idadi ya matukio na si idadi ya watu. Katika daftari la Ushongo matukio ni 2 tu, na kwa idadi ndogo namna hiyo kanuni hii ya mkato haifai. Hesabu kamili ya Poisoni hutoa mipaka ya 0.06 na 1.93. Mipaka mipana kiasi hicho inamwambia msomaji kwamba daftari hilo halijathibitisha lolote kuhusu kasi ya malaria kijijini.

Sharti la matukio kutotegemeana nalo lina uzito. Kasi mbili za Korogwe na Kilifi zikilinganishwa kwa njia hii nyepesi, chanjo inaonekana kupunguza matukio kwa asilimia 55, na mipaka ni 34.5 na 69.5. Watafiti wenyewe walitoa asilimia 56, na mipaka ya 31 na 72. Makadirio yanakaribiana sana, lakini mipaka yao ni mipana zaidi. Ndivyo inavyotarajiwa pale marudio yanapozingatiwa: matukio 86 yalitoka kwa watoto 66, na mtoto aishiye karibu na mazalio ya mbu huugua tena na tena, hivyo tukio lake la pili halileti habari mpya nyingi kama tukio la mtoto mwingine. Mwandishi anayehesabu matukio yote hana budi kusema jinsi alivyolishughulikia jambo hili. Asipofanya hivyo, mipaka yake itakuwa myembamba kuliko inavyostahili.

6.0 Hitimisho

Sentensi ya matokeo iliyokamilika hubeba kiasi, asili, kasi na mipaka, kwa mpangilio huo: "Katika kundi la kulinganishia kulikuwa na matukio 86 ya malaria katika miaka-mtu 268, sawa na matukio 0.32 kwa kila mwaka-mtu (mipaka ya uhakika ya 95%: 0.26 hadi 0.40)." Msomaji wa sentensi hii anaweza kuirudia hesabu mwenyewe. Asili ikiachwa, hata mwandishi aliyehesabu vizuri humwachia msomaji namba asiyoweza kuikagua, na mvuvi aliyekuwa dago huhesabiwa kuwa mzima kwa miezi ambayo hakuna aliyemwona.